Mbu wa Morogoro Aliyekataa Kuanguka

Mwenyekiti, walimu wangu, maafisa afya wa wilaya, na ninyi vijana wa maabara mliokaa nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu. Mada hiyo ni pana, na mkinipa siku nzima sitaimaliza. Kwa hiyo leo nitashika kitu kimoja tu: ile namba tunayoiandika kwenye taarifa zetu kila mwaka, kiwango cha aleli ya kdr, yaani ile sura ya jeni inayompa mbu usugu. Nataka tujue inatoka wapi, inasema nini, na lini inatudanganya. Na nitaanzia Morogoro, kwa sababu Morogoro imetufundisha jambo ambalo hatukulitarajia.

Wengi wenu mmeshafanya jaribio la mirija la Shirika la Afya Duniani. Unachukua mbu majike ambao hawajanyonya damu, wa siku tatu hadi tano, unawaweka kama ishirini na tano kwenye mrija uliozungushiwa karatasi yenye dawa. Unawaacha saa moja. Mbu asiye sugu haimalizi saa hiyo akiwa amesimama. Kwanza anaanza kuruka ovyo, anajigonga ukutani mwa mrija, kisha miguu inakosa nguvu, anaanguka chali huku mabawa yakitetemeka. Huko ndiko kuangushwa, na usugu tunaouzungumzia leo umepata jina lake la kdr hapo, kifupi cha Kiingereza knockdown resistance: ni usugu wa mbu anayekataa kuangushwa. Ukimtazama mbu wa namna hiyo ndani ya mrija, saa imetimia naye ametulia juu ya karatasi ya dawa, kichwa chini na tumbo juu, kama yuko ukutani nyumbani kwa mtu. Unamhamishia mrija safi, unampa maji ya sukari, kesho yake saa ileile unahesabu waliokufa. Vifo vikiwa chini ya asilimia 90, kundi hilo tunaliita sugu.

Sasa, watafiti waliokuwa wakifuatilia mbu aina ya Anopheles funestus katika maeneo kumi ya Tanzania walikuta kitu cha ajabu. Mbu wa mkoa wa Morogoro walikuwa wanapona kwenye karatasi za DDT. Kwa nini hilo ni la ajabu? Kwanza, DDT ni dawa iliyopigwa marufuku. Hatuiweki kwenye vyandarua wala hatuipulizii nyumba. Pili, funestus kwa miaka mingi alijulikana kuwa mbu anayejitetea kwa vimeng'enya. Yeye huisaga dawa mwilini mwake kabla haijafika inakokwenda. Aleli ya kdr, ambayo imeenea kwa mbu wengine wa malaria barani Afrika, kwake ilikuwa imetafutwa na kukosekana. Vitabuni tuliandika hivyo, na darasani nikafundisha hivyo.

Wakachukua mbu 333 kutoka maeneo yale na kusoma vinasaba vyao vyote, herufi kwa herufi. Ndani ya jeni ya mlango wa sodiamu wakakuta mabadiliko manane ambayo hayakuwahi kuonekana kwa mbu huyu. Moja kati ya hayo linaitwa L976F. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024, na tangu hapo ile sentensi ya kwamba funestus hana kdr hatuwezi kuisema tena.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao si watu wa maabara. Mishipa ya fahamu ya mbu, kama ya kwetu, hupitisha ujumbe kwa kufungua na kufunga vijilango vidogo vinavyoruhusu sodiamu kuingia. Mlango unafunguka, ujumbe unapita, mlango unafungwa, basi. DDT na dawa za kundi la pairethroidi, zile zilizomo kwenye vyandarua vyetu, hujishika kwenye mlango huo na kuuzuia usifungwe. Mshipa unabaki ukipiga kelele bila kunyamaza, na mbu anatetemeka mpaka anaanguka. Mlango wenyewe umejengwa kwa amino asidi zaidi ya elfu mbili zilizofuatana kama shanga. Shanga moja ikibadilika mahali pale dawa inaposhika, dawa inateleza. Kwa mbu wa kawaida shanga hiyo ni leusini, yenye alama L. Ikigeuka kuwa fenilalanini, yenye alama F, au serini, yenye alama S, mlango unaendelea kufungwa hata dawa ikiwepo. Herufi moja tu ya jeni ndiyo iliyobadilika.

Kuna jambo linalowachanganya vijana kila mwaka, acha niliseme hapa. Mtaona kwenye makaratasi L1014F, mahali pengine L995F, na sasa L976F. Msidhani ni shanga tatu tofauti. Ni mahali palepale. Namba 1014 ilitokana na nzi wa nyumbani, maana kdr ilijulikana kwa nzi kabla ya mbu, na hesabu ikaanzia kwenye mnyororo wake. Ukihesabu kwenye mnyororo wa Anopheles gambiae, mbu mwingine mkuu wa malaria, unafika 995, na kwenye wa funestus unafika 976. Nyumba ni ileile, mitaa ndiyo imehesabiwa kutoka ncha tofauti.

Turudi Morogoro. Mbu wa huko walipowekwa kwenye DDT, waliokuwa na aleli ya L976F ndio waliopona. Uhusiano ulikuwa wazi kabisa. Walipowekwa kwenye deltamethrini, ambayo ni pairethroidi, uhusiano wa wazi haukuonekana. Na aleli hiyo ilikuwa juu katika mkoa mmoja tu. La tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: walipolinganisha mbu waliokusanywa mwaka 2017 na wa miaka iliyofuata mpaka 2023, kiwango cha aleli kilikuwa kinashuka.

Kinashuka, ndugu zangu. Sisi tumezoea kuona kdr ikipanda. Mfano tunaoufahamu sote ni wa magharibi mwa Kenya, kule Asembo na vijiji vya jirani kando ya Ziwa Viktoria. Huko ndiko ile aina ya serini, L1014S, ilikoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Kwa bahati njema kulikuwa na mbu wa zamani waliohifadhiwa, waliokamatwa kabla vyandarua vyenye dawa havijasambazwa. Walipopimwa, aleli ilikuwemo tayari, ila kwa uchache. Vikaja vyandarua vya majaribio miaka ya 1990, kisha ugawaji mkubwa miaka ya 2000. Ilipofika mwaka 2010, karibu kila gambiae wa eneo lile alikuwa amebeba nakala mbili za aleli sugu. Dawa haikuiumba aleli ile. Iliikuta, ikawaondoa wasiokuwa nayo.

Kwa hiyo tuna mistari miwili, mmoja unapanda Kenya magharibi na mmoja unashuka Morogoro. Mtu akiitazama haraka atasema kule hali mbaya, huku hali nzuri. Nawaombeni tusiseme hivyo, na nitaeleza kwa nini. Funestus wa Morogoro hajawa mnyonge mbele ya chandarua kwa sababu L976F imeshuka. Aleli ile haikuwa ndiyo inayomlinda na pairethroidi; vimeng'enya vyake ndivyo vinavyomlinda, na hivyo havipimwi kwa kipimo cha kdr. Kushuka kule kunaelekea zaidi kutuambia kwamba kitu kilichokuwa kikiibeba aleli, iwe ni mabaki ya DDT au chochote kingine, hakipo tena kwa nguvu ya kutosha. Ukiliandika hilo kwenye taarifa ya wilaya kama "usugu umepungua", afisa wa manunuzi ataagiza vyandarua visivyofaa.

Sasa tuingie kwenye namba yenyewe. Kila mbu ana nakala mbili za jeni, moja ya mama na moja ya baba. Tuchukue mfano wa ubaoni, hizi ni tarakimu zangu za kufundishia. Umepima mbu 40. Kumi wana nakala mbili sugu, 12 wana moja sugu na moja ya kawaida, 18 wana mbili za kawaida. Nakala zote ni 80. Nakala sugu ni 20 za wale kumi, jumlisha 12, jumla 32. Gawanya 32 kwa 80, unapata asilimia 40. Hicho ndicho kiwango cha aleli. Sitaki mtu aandike asilimia 55 kwa kuhesabu mbu 22 wenye "chochote cha kdr". Nimeiona hesabu hiyo kwenye taarifa halisi, na aliyeisoma mwaka uliofuata alidhani usugu umeporomoka, kumbe mwenzake alihesabu kwa njia nyingine.

Kwa nini nahangaika na nakala badala ya mbu? Kwa sababu kwa sehemu kubwa mbu mwenye nakala moja tu sugu bado huangushwa na dawa. Anayesimama imara ni mwenye mbili. Sasa fikirini aleli ikiwa asilimia 10. Wenye nakala mbili watakuwa kama mmoja katika mia. Weka mbu mia kwenye mirija, watakufa karibu wote, utaandika "hakuna usugu", utarudi nyumbani umeridhika. Wakati huohuo mbu 18 katika hao mia walikuwa na nakala moja kila mmoja. Aleli ikifika asilimia 50, wenye mbili wanakuwa robo nzima, na hapo mrija unaanza kusema. Maabara ya vinasaba inaweza kukuonyesha miaka kadhaa kabla ya mrija. Hiyo ndiyo sababu ya kufuatilia kiwango tangu kikiwa kidogo, na ndiyo sababu aleli ikishafika asilimia 100, kama kwa gambiae wa Asembo, kipimo kile hakina tena habari mpya ya kukupa. Mbu anaweza kuendelea kuwa sugu zaidi na zaidi kwa vimeng'enya, namba yako ikabaki 100 mwaka hadi mwaka.

Turudi kwa wale mbu 40. Nimewapa asilimia 40. Je, ni 40 kweli? Ukipiga hesabu ya kosa la sampuli kwa nakala 80, ukweli unaweza kuwa popote kati ya kama 29 na 51. Mwaka ujao ukipata 33, usipige ngoma. Ukitaka kuona badiliko la pointi kumi kwa uhakika unahitaji mbu wengi zaidi; mbu 200 wanakuleta kwenye pointi tano hivi juu na chini. Najua mbu 200 wa funestus kutoka eneo moja si kazi ndogo. Ni nyumba nyingi, asubuhi nyingi, na vijana wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda na vifyonzio kuchokoa kuta za vyumba vya kulala. Lakini ni afadhali kupima maeneo matatu vizuri kuliko kumi na mawili kwa mbu ishirini ishirini.

Kuna jambo lingine kwenye tarakimu zile. Kama mbu wale 40 wanaoana bila kubaguana na wote ni kundi moja, kwa kiwango cha asilimia 40 tungetarajia kama 19 wenye nakala moja moja. Sisi tumepata 12. Pengo hilo ni kengele. Linaweza kumaanisha kipimo chako kinashindwa kuona nakala ya pili. Linaweza kumaanisha ulichota viluwiluwi dimbwi moja na nusu yao ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mara nyingi linamaanisha umechanganya aina mbili za mbu kwenye sahani moja bila kujua.

Hilo la kuchanganya lilinipata mimi mwenyewe. Katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi zamani, tulifurahi kuona kdr imeshuka katika kijiji kimoja. Tuliandaa hata mchoro wa kuonyesha wakubwa. Mwenzangu mmoja akauliza swali dogo: hawa wametambuliwa aina? Hawakuwa wametambuliwa. Kwa macho, gambiae mwenyewe na jamaa yake arabiensis huwezi kuwatofautisha, hata ukiwa na darubini nzuri. Ni lazima kipimo cha vinasaba cha PCR. Niwaonyesheni ubaoni kilichotokea, tena kwa tarakimu za kufundishia. Mwaka wa kwanza una mbu 80: gambiae 60 wenye kiwango cha asilimia 90, na arabiensis 20 wenye asilimia 5. Nakala sugu ni 108 na 2, jumla 110 kati ya 160. Unaandika asilimia 69. Vyandarua vinagawiwa, gambiae anayependa kuuma watu ndani ya nyumba anapungua, arabiensis anayeridhika na ng'ombe anabaki. Mwaka wa pili una gambiae 20 na arabiensis 60. Viwango ndani ya kila aina havijabadilika hata chembe, 90 na 5 vilevile. Lakini nakala sugu sasa ni 36 na 6, jumla 42 kati ya 160. Unaandika asilimia 26. Kutoka 69 hadi 26, na hakuna jeni hata moja iliyobadilika kiwango. Mchoro wetu tuliuchana. Na magharibi mwa Kenya gambiae alipungua kweli namna hiyo baada ya vyandarua, akabaki arabiensis kwa wingi, kwa hiyo si hadithi ya ubaoni tu.

Kwa funestus ni vivyo hivyo. Ana jamaa zake wanaofanana naye, kama rivulorum na leesoni, ambao wengine hawana uzito kwenye malaria. Tambua aina kwanza, ndipo upime aleli, na kila aina iwe na safu yake kwenye jedwali. Jedwali lisilo na safu ya aina mimi silisaini.

Na kipimo chenyewe kina macho yake. Kipimo cha kdr tulichokizoea kimetengenezwa kutafuta badiliko fulani kwa mbu fulani. Kama umeweka kipimo cha F peke yake, mbu mwenye S anaweza kukupita au akasomeka vibaya. Na kipimo cha gambiae ukimwekea funestus hakina cha kushika. Ndiyo maana L976F haikuonekana kwa vipimo vya kawaida. Ilionekana kwa sababu mrija wa DDT ulileta jibu lisiloeleweka, na watu wakakataa kulipuuza, wakaenda kusoma jeni nzima. Nawaambia hili ninyi mnaofanya majaribio ya mirija wilayani: jibu lisiloeleweka lina thamani kuliko majibu kumi yaliyotarajiwa. Msilifute. Rudieni kwanza, angalieni mbu wa mrija wa kulinganishia walikufa wangapi, angalieni karatasi zilipita muda au la, angalieni joto la chumba. Likibaki vilevile, tupigieni simu.

Jambo la mwisho la kiufundi. Msipime kiwango cha aleli kwa wale mbu waliopona tu. Ninaelewa kinachotokea: fedha ni kidogo, waliopona ndio wanaovutia, wanapelekwa PCR, na waliokufa wanatupwa. Kisha namba inaandikwa kama ya kijiji. Hiyo ni namba ya waliopona, na lazima itakuwa juu. Ukitaka kujua kama aleli inahusika na kupona, pima waliopona na waliokufa, idadi inayokaribiana, ndivyo ilivyojulikana kwamba L976F inahusika na DDT na haionekani kuhusika na deltamethrini. Ukitaka kiwango cha kijiji, weka kando mbu ambao hawajagusa dawa kabisa.

Mmoja wenu aliniuliza wakati wa chai: kama kdr kwa gambiae imefika mwisho, na kwa funestus haigusi pairethroidi, tunaifuatilia ya nini? Ni swali la haki. Kwa uchaguzi wa chandarua cha mwaka huu, kdr peke yake haitoshi. Kinachoamua zaidi ni jaribio la PBO, ile dawa inayofunga vimeng'enya vya mbu: mpe PBO saa moja kabla, kisha pairethroidi, vifo vikipanda, unajua vimeng'enya ndivyo vinavyomlinda. Utafiti wa Misungwi, mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye klorofenapiri pamoja na pairethroidi viliwakinga watoto na malaria vizuri zaidi kuliko vya pairethroidi peke yake, hata baada ya miaka miwili. Klorofenapiri haigusi mlango wa sodiamu. Inakwenda kwenye mitambo ya nishati ndani ya seli, kwa hiyo kdr haiizuii. Lakini pairethroidi bado imo kwenye kila chandarua tunachogawa, na funestus ndiye mbu mkuu wa malaria katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Sasa ana mlango wa sodiamu uliobadilika angalau katika mkoa mmoja. Akija kuunganisha mlango huo na vimeng'enya alivyonavyo, nataka tuwe tumemwona akiwa bado na asilimia tano.

Kwa msimu ujao, basi, tumekubaliana na timu ya ukusanyaji kama ifuatavyo. Nyumba zilezile, mwezi uleule baada ya mvua ndefu, mbu wazima waliokamatwa ndani, kila mmoja kwenye mrija wake wenye chembe za silika. Namba ya mrija iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na kuwekwa ndani, kwa maana kalamu ya wino ikigusana na spiriti inafutika, na mbu asiye na jina la kijiji na tarehe hatufai kwa lolote. Nusu ya kila mbu, kichwa na kifua, itabaki kwenye friza bila kuguswa. Wale wa Asembo waliweza kujua aleli ilikuwa kiasi gani kabla ya vyandarua kwa sababu kuna mtu aliyehifadhi mbu wakati hakuna aliyekuwa akiwahitaji. Friza yetu ina nafasi droo mbili za chini, nimezipima jana. Droo ya kushoto ni ya Kilosa na Ulanga, ya kulia tutawawekea wa pwani.